Tangazo la Nafasi Moja

Kwa miaka mitano nilikuwa mtu wa matangazo ya kazi. Simaanishi kwamba niliyatangaza, niliyasaka. Asubuhi, kabla sijafungua kibanda changu cha nguo za mitumba za watoto pale Pasua, Moshi mjini, nilikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, nikafungua simu na kupita kwanza tovuti ya ajira za serikali, kisha tovuti za halmashauri moja moja: Moshi, Rombo, Hai, Siha, Same, Mwanga. Ijumaa mchana nilifunga kibanda kwa saa moja nikaenda kusoma ubao wa matangazo wa halmashauri kwa macho yangu. Kuna nafasi za mkataba ambazo hubandikwa pale kwa pini nne na zisionekane kabisa kwenye mtandao, na kuna karatasi ambazo hufunikwa na karatasi nyingine kabla hujamaliza kuzisoma. Mlinzi wa pale alinizoea. Alikuwa akiniuliza, "Leo wameandika nini?" kana kwamba mimi ndiye ofisi.

Nilikuwa na stashahada ya utunzaji kumbukumbu na umri wa miaka arobaini na mbili. Anayetafuta kazi serikalini anajua hesabu hiyo inavyouma. Karibu kila tangazo linasema mwombaji awe Mtanzania mwenye umri usiozidi miaka arobaini na mitano, isipokuwa kwa walioko kazini serikalini. Wengine wanahesabu miaka tangu walipozaliwa. Mimi nilikuwa nahesabu iliyobaki. Kila nilipopuliza mshumaa nyumbani kwa dada yangu, nilikuwa nacheka na wenzangu huku kichwani natoa mwaka mwingine.

Sikuwa nasaka peke yangu, au niseme sikuwa nasaka kwa ajili yangu peke yangu. Nilikuwa na rafiki niliyesoma naye chuo kimoja, darasa moja, stashahada hiyo hiyo. Yeye baada ya chuo alirudi kwao Kirua Vunjo, juu mlimani, kumtunza mama yake ambaye miguu ilikuwa imemkataa. Alikuwa na ng'ombe wawili, migomba, kahawa kidogo, na simu ya vitufe ambayo hata redio yake ilikuwa inakoroma. Mtandao kule juu unakuja na kuondoka na mawingu. Kwa hiyo tulipatana tangu mwanzo: mimi niliye mjini nitakuwa macho yetu sote wawili. Nikiona nafasi inayotufaa, nampigia. Namsomea sifa, namtajia siku ya mwisho, anashuka na vyeti vyake, tunaomba pamoja. Hata akaunti yake kwenye mfumo wa maombi niliifungua mimi, yeye amekaa pembeni yangu ananitajia namba ya kitambulisho cha taifa.

Naye alikuwa na kazi yake katika mapatano hayo. Vyeti vyangu halisi alikuwa navyo yeye. Pasua kukinyesha sawasawa maji yanaingia ndani bila kubisha hodi, na masika moja yalikuwa yameniharibia cheti cha kuzaliwa, wino ukatawanyika hadi jina la baba likabaki doa. Tangu hapo kila cheti changu kilipanda mlimani. Nyumba yao iko mahali pa juu, maji hayafiki, na mama yake alikuwa na sanduku la bati la kuwekea vitenge. Vyeti vyangu vililala humo pamoja na vyake.

Jina la kuaminika nililipata kwa sababu ya matapeli. Mwaka mmoja kabla ya haya ninayosimulia, kanisani kwao Kirua lilisomwa tangazo baada ya misa, katika matangazo ya wiki: nafasi nyingi za serikali, madereva, makarani, watendaji wa vijiji. Msomaji hakuwa na kosa, aliletewa karatasi yenye nembo akaisoma. Rafiki yangu alinipigia akiwa bado kwenye uwanja wa kanisa. Nikapekua tovuti rasmi zote, hakuna kitu. Nikamwambia anisomee vizuri karatasi yenyewe, nikasikia mwishoni wanataka watu watume ada ya fomu kwa namba ya simu. Nikamwambia, "Waambie watu waache. Serikali haiuzi fomu za kazi kwa simu." Watu wawili walikuwa wameshatuma. Wengine wote waliokoka. Tangu siku hiyo, kule Kirua, neno langu kuhusu tangazo lilikuwa limepigwa muhuri. Nilijivuna, nisifiche.

Sasa nije kwenye Desemba yenyewe.

Ilikuwa Jumanne. Nimekaa kwenye ndoo, nikaona tangazo la halmashauri moja ya mkoa wetu. Mtunza Kumbukumbu Msaidizi Daraja la Pili. Nafasi: moja. Sifa: awe amehitimu kidato cha nne au cha sita, mwenye stashahada ya utunzaji kumbukumbu kutoka chuo kinachotambuliwa na serikali. Umri usiozidi miaka arobaini na mitano. Siku ya mwisho ilikuwa siku ya mwisho ya mwaka. Niliisoma mara tatu. Ajira ya kudumu, si mkataba. Na karibu na nyumbani, si Katavi wala Songwe.

Nilishika simu kumpigia. Nakumbuka kidole kilikuwa tayari juu ya jina lake. Nikasoma tena pale kwenye nafasi: moja.

Miaka yote tulikuwa tumeomba nafasi kumi, nafasi sita, mara moja nafasi ishirini za nchi nzima. Ukiwa na nafasi sita unaweza kujidanganya kwamba mtapata wote. Moja haina nafasi ya kujidanganya. Na yeye, niseme ukweli, alinizidi. Alikuwa na alama nzuri kuliko zangu chuoni, ana miaka thelathini na saba, na akikaa mbele ya watu wa usaili anajibu taratibu, wakati mimi nikiulizwa swali la kwanza naanza kujibu la tatu. Niliweka simu chini. Nikajiambia nitampigia jioni.

Jioni nikajiambia kwamba mama yake hawezi kubaki peke yake, hata kazi akiipata hataweza kwenda. Keshoye nikajiambia yeye ana ng'ombe, mimi nina nini? Ni ajabu jinsi mtu anavyoweza kujishindia kesi akiwa yeye ndiye wakili, yeye ndiye hakimu, na mlalamikaji hayupo. Kwa siku tano nilikuwa kama mtu aliyeiba jogoo, na jogoo bado anawika. Simu ikilia, nashtuka. Mteja akiniuliza bei ya sweta, namtajia bei ya soksi.

Jumapili alasiri rafiki yangu akanipigia mwenyewe. Sauti ilikuwa inakatika.

"Dada, Noeli njema mapema! Utapanda lini?"

"Nikipata nafasi nitapanda, dada yangu. Mama anaendeleaje?"

"Anashukuru Mungu. Eti, kuna jipya lolote huko?"

Sikufikiri. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba sikuhitaji hata kufikiri.

"Hakuna," nikasema. "Desemba hii ofisi zimelala."

"Haya, nilijua tu. Aika, asante dada." Simu ikakatika.

Nitoe mapema jambo moja ili usisome ukisubiri: nafasi ile haikumwendea yeyote kati yetu. Waombaji walikuwa wengi na ilichukuliwa na mtu ambaye sijawahi kumwona. Nilikuwa namuuza rafiki kwa kitu ambacho hata sikukipata mkononi.

Siku mbili baadaye nilikaa kujaza maombi. Akaunti yangu ilikuwa imekamilika, isipokuwa cheti cha kuzaliwa. Kile cha zamani kilichoharibiwa na maji nilikuwa nimekibadilisha, nikapewa kipya katikati ya mwaka, na siku hiyo hiyo nilikutana na rafiki yangu sokoni, nikampa apande nacho, nikiogopa mvua kabla hata ya kwenda kwa wakili kutoa nakala yenye muhuri. Na tangazo lilisema wazi kwamba nakala ya cheti cha kuzaliwa iwe imethibitishwa na wakili, na kwamba mwombaji asiyetimiza masharti hatafikiriwa.

Niliangalia ule mstari kwa muda mrefu. Cheti changu kilikuwa Kirua, ndani ya sanduku la bati, chini ya vitenge vya mama yake.

Mtu mwenye akili angepanda siku ile ile. Mimi nilikaa nikiogopa. Noeli ikapita. Mji ukawa mtupu kama inavyokuwa kila mwaka, maana sisi wa huku Desemba kila mtu anarudi kihambani kwao, kwenye shamba la ukoo, na wa Dar wanajaza barabara za mlimani kwa magari. Niliimba kanisani, nikala wali wa dada yangu, na kichwani nilikuwa na hesabu moja tu: zimebaki siku sita, zimebaki nne, zimebaki tatu. Ilipofika siku moja kabla ya siku ya mwisho, nikavaa viatu.

Njiani nilitunga uongo. Nitasema nataka cheti kwa ajili ya bima ya afya. Niliurudia mpaka nikauamini.

Niliwakuta uani. Mama yake alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, shuka miguuni, anamenya ndizi za supu ya mtori.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umetusahau! Kaa, kaa, mletee kitu ale."

Rafiki yangu alinikumbatia huku mikono inanuka maziwa. Aliniletea bakuli la machalari ya jana, ndizi na nyama, yaliyochemshwa tena, ambayo ndiyo matamu. Nikaliweka magotini. Nikamwambia habari ya bima. Hakuuliza hata swali moja. Aliingia ndani, akatoka na sanduku, akaliweka juu ya mkeka, akaanza kutoa vyeti vyetu kimoja kimoja. Alikuwa ametia kila kimoja katika mfuko wake wa plastiki. Vyangu amevifunga kwa utepe wa bluu, vyake kwa uzi.

"Hiki hapa. Afadhali ni cha bima," akasema akicheka. "Nilipokuona unakuja nikadhani na wewe umeingizwa mjini na lile tangazo la kanisani."

"Tangazo gani?" nikauliza.

"Jumapili ile niliyokupigia. Mtendaji wa kata alileta karatasi, ikasomwa baada ya misa. Eti nafasi moja ya mtunza kumbukumbu. Moja! Mwenzangu mmoja wa kwaya, yule aliyeolewa hapo chini, naye ana stashahada kama yetu, akaja mbio kuniuliza. Nikamwambia ngoja nimpigie mtu wangu wa mjini. Uliposema hakuna, nikamwambia basi, ni wale wale matapeli wa mwaka jana, usipoteze muda wako. Kama lingekuwa la kweli, dada yangu angeniambia."

Mama yake akaitikia kutoka kitini, bila kuinua macho kwenye ndizi, "Huyu ndiye alituokoa mwaka jana."

Kuna aibu inayokufanya uinamishe kichwa, na kuna ile inayokufanya usiweze kukaa. Nilisimama. Bakuli likapinduka. Kama angekuwa amenishuku, kama angekuwa ameuliza mara mbili, ningeendelea na uongo wangu mpaka mwisho, nadhani. Ningemchukia na kuondoka na cheti. Lakini tangazo la kweli, lililoletwa na mtendaji wa kweli, likasomwa madhabahuni, alikuwa amelikataa kwa sababu mimi sikulitaja. Na mwanamke wa watu nisiyemjua amebaki nyumbani kwa ajili hiyo.

"Ni la kweli," nikasema.

"Nini?"

"Lile tangazo. Ni la kweli. Nililiona Jumanne kabla ya hiyo Jumapili. Nafasi ni moja, ndiyo maana sikukuambia. Linafungwa kesho."

Kisu cha mama kikasimama. Kuku walikuwa wanapigania machalari yangu miguuni petu. Rafiki yangu alinitazama, na ningelipa chochote anitukane. Ana mdomo, nawaambieni, akiamua kusema husemi. Badala yake alikunja kile kitenge alichokuwa amekishika, akakirudisha sandukuni, akakisawazisha.

"Kesho saa ngapi?"

"Saa sita usiku mfumo unafunga. Lakini siku ya mwisho unaelemewa, unaweza kugoma kutwa nzima. Inabidi leo."

Akafunga kanga yake kiunoni. "Basi twende kwa mwenzangu kwanza," akasema. "Nimemwambia mimi asiombe."

Hakusema tena neno lisilo la lazima kwa mchana wote. Aliniita "wewe." Wewe, shika hii. Wewe, pita huku.

Yule mwanakwaya tulimkuta anakata majani ya ng'ombe. Rafiki yangu alimwambia tu, "Tangazo ni la kweli, nilikosea. Chukua vyeti vyako na kitambulisho, twende." Alisema nilikosea. Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Nilifungua mdomo nirekebishe, akanyoosha kiganja nyuma, bila kugeuka, kunizuia. Mpaka leo sijajua kama alinihurumia au hakutaka tupoteze dakika.

Kisha wakili. Hapo ndipo nilipoona tumekwisha. Sote watatu tulihitaji nakala zenye muhuri, na siku ile Moshi mjini huwezi kupata wakili hata kwa dawa, wote wako vihambani mwao. Mahakimu nao wamo humo humo. Lakini rafiki yangu alijua kwamba wakili mmoja anayefanya kazi mjini ni mtoto wa nyumba ya nne chini ya kanisa, na kwamba kila Desemba huja na muhuri wake ndani ya gari, kwa sababu ndugu hawamwachi. Tulimkuta amekunja mikono ya shati, anasimamia mbuzi. Shemeji zake walikuwa wanachuna, na wazee wamekaa na pombe ya mbege wakisubiri kisusio, supu ya damu. Tukaamkia wote kwa zamu, shikamoo, shikamoo, shikamoo, huku nahesabu dakika kwa kila marahaba iliyovutwa.

"Nyinyi mnataka muhuri," akasema kabla hatujasema. "Sura zenu nazijua."

"Maombi yanafungwa kesho, kaka," rafiki yangu akasema.

Alikwenda kunawa damu. Akarudi, akatuambia hagongi muhuri juu ya nakala bila kukiona cheti chenyewe kwa macho yake, hata kama ni jirani, hata kama ni sikukuu. Hakuna aliyebishana. Lakini nakala tulikuwa hatuna. Basi tukashuka mpaka kwenye kituo cha barabarani, ambako jamaa mmoja alikuwa na stesheneri yenye mashine ya kunakili na kompyuta mbili, akafungua mlango nusu kwa sababu alitujua. Tukanakili, tukapanda tena kilima, wakili akalinganisha cheti kimoja kimoja na nakala yake juu ya boneti ya gari, akagonga, akasaini, akaandika tarehe. Tukashuka mara ya pili.

Kompyuta zilikuwa mbili lakini mtandao ulitosha moja tu. Mwanakwaya hakuwa na akaunti, nikaanza naye. Namba ya kitambulisho, namba ya mtihani wa kidato cha nne, wadhamini watatu na simu zao. Ukurasa unazunguka, unazunguka, unarudi mwanzo. Nilimwandikia barua kwa Mkurugenzi Mtendaji wa halmashauri, ikachapwa, nikamwambia, "Saini hapa. Barua isiyo na saini ni sawa na hujaomba." Akasaini, ikaskaniwa, ikapanda. Kisha rafiki yangu. Nilimwuliza nywila yake, akaiandika mwenyewe kwa vidole viwili, mwili ameugeuza kidogo nisione. Zamani alikuwa ananitajia kwa sauti. Barua yake nikaiandika vizuri kuliko zote nilizowahi kuandika. "Umesaini?" nikamwuliza. "Nimesaini."

Yangu ilikuwa ya mwisho. Mwenye stesheneri alikuwa anapiga funguo mezani, gari la mwisho la kushuka mjini lilikuwa linapiga honi barabarani, na mtandao ulikuwa umebaki uzi. Nikachapa, nikaskani, nikabonyeza, ikakubali. Niliona neno la kijani la kupokelewa nikakimbia.

Rafiki yangu alinifuata mpaka mlangoni mwa gari. Nilidhani anakuja kusema neno. Alinipa mfuko wa plastiki. Ndani mlikuwa na vyeti vyangu vyote, vimefungwa kwa utepe wa bluu.

"Kaa navyo," akasema. "Tafuta mahali pa juu uviweke."

Sikulia ndani ya gari kwa sababu palikuwa na watu wa kwetu. Nililia nyumbani, nimekaa sakafuni, nikitafuta mahali pa juu katika chumba ambacho hakina.

Miezi ikapita. Nilimpigia mara mbili, alipokea, tulisalimiana kama watu wa ofisi. Mama hajambo? Hajambo. Ng'ombe? Wazima. Niliendelea kukaa kwenye ndoo kila asubuhi, na kila tangazo lililotufaa nilimsomea lote, mpaka anwani. Alisema asante. Sikujua kama alikuwa anaandika.

Orodha ya walioitwa kwenye usaili ilitoka siku ya kazi, asubuhi, kabla sijafungua kibanda. Kurasa nyingi za majina. Mtu wa kawaida hutafuta jina lake kwanza, na mimi ni mtu wa kawaida. Lakini jicho lilianguka juu ya la kwake. Na chini kidogo, la mwanakwaya. Kidole changu kikaelekea kuendelea kushuka. Nikakizuia. Nikampigia.

Hakupokea, alikuwa anakamua. Nikapiga tena, na tena.

"Umeitwa kwenye usaili," nikasema bila salamu. "Wewe na mwenzako wa kwaya. Mtihani wa kuandika kwanza. Siku hiyo mbebe vyeti halisi na kitambulisho, msibebe nakala tupu."

Nilisikia maziwa yanamwagwa kwenye chombo.

"Asante," akasema. "Nitakwenda kata niangalie mwenyewe."

Nilistahili. Nikasema sawa.

Ndipo nikaendelea kushuka na orodha. Nilifika mwisho, nikarudi mwanzo. Chini kabisa waliandika maneno yale ya siku zote, kwamba ambao hawakuona majina yao watambue kuwa hawakukidhi vigezo. Nikafungua akaunti yangu kutazama sababu. Barua ya maombi haijasainiwa.

Niliisoma nikiwa nimesimama katikati ya njia, mwendesha bajaji ananipigia honi. Niliona ile karatasi ikitoka kwenye mashine, naiona hata sasa, jina langu limechapwa chini, na juu ya jina ni patupu.

Mchana akanipigia. Ndani ya miezi ile hakuwa amenipigia yeye hata mara moja.

"Nimefika kata," akasema. "Nimeonyeshwa kwenye kompyuta ya mtendaji. Jina langu nimeliona. La mwenzangu nimeliona." Akasita. "La kwako nimelitafuta, silioni. Nikamwambia arudie kutoka mwanzo, akarudia. Bado silioni. Labda wamekosea?"

"Hawajakosea. Sikusaini barua."

"Wewe?"

"Mimi."

Nilisubiri acheke, alikuwa na haki. Hakucheka. Nyuma yake nikasikia sauti ya mtendaji ikimwuliza kama amemaliza.

"Bado," alimjibu. "Nitafutie tena, mara ya mwisho."